Nani Ameshapimwa Macho?

"Nani hapa anataka kuwa baharia?"

Mikono ilipanda, hasa safu za nyuma walikokaa wavulana warefu. Mwalimu mkuu akaizungushia macho bila haraka, sisi wazazi na walezi tukijipepea kwa karatasi za ratiba chini ya hema. Kisha akauliza la pili.

"Haya. Na nani kati yenu ameshapimwa macho kujua kama anatofautisha taa nyekundu na taa ya kijani?"

Mikono yote ikashuka.

Yalikuwa mahafali ya kidato cha nne kwenye shule moja ya kutwa hapa Mombasa, Jumamosi moja ya Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa KCSE. Nilikwenda kwa ajili ya kijana wa dada yangu. Mashada ya karatasi za kung'aa yalikuwa shingoni, dufu lilishapigwa, mgeni wa heshima alishasema yale wanayosema wageni wa heshima, kwamba mvumilivu hula mbivu na hakuna lisilowezekana. Watu walipiga makofi. Halafu mwalimu mkuu, bibi wa makamo mwenye sauti ya chini, akashika maikrofoni na kuanza na maswali hayo mawili.

Nimefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini miaka mingi. Maswali yale yamenikaa kichwani mpaka leo, nayo ndiyo yaliyoniketisha kuandika.

Alichosema kuhusu kuvumilia

Hakusema kwamba uvumilivu haufai. Alisema, kwa maneno yake: "Mgeni wetu amewaambia mvumilie. Mimi nawauliza, mtavumilia mbele ya mlango upi? Maana kuna mlango unafunguliwa kwa kubisha, na kuna mlango ambao nyuma yake kuna ukuta."

Mwalimu wa nidhamu, aliyekaa karibu yangu, alikohoa. Nadhani alijua linalokuja.

Mwalimu mkuu akasimulia habari ya mwanafunzi wake wa zamani. Jina hakulitaja, na gredi zake alizisoma kutoka kwenye daftari dogo. Kijana alitaka kuwa injinia wa meli, kwa njia ya chuo kikuu. Matokeo yalipotoka alipata C ya jumla, pointi 45. Wazazi wote pale tuliguna, kwa sababu kila mzazi wa Kenya mwenye mtoto wa sekondari anaijua hesabu hii hata kama hajui nyingine: A ni pointi 12, E ni 1, masomo yanayohesabiwa ni saba, na mwenye zote ana 84. C inaishia 45. C+ inaanzia 46, na C+ ndiyo kizingiti cha shahada.

Pointi moja.

Mtu akikosa kwa pointi moja, ushauri wa mtaa mzima ni mmoja: rudia. Na kijana akarudia. Mamake aliuza cherehani, yeye akakaa darasani tena na wadogo zake, akafanya mtihani upya. Safari hii akapata pointi 48. C+ safi. Nyumbani kulipikwa biriani.

"Na kozi hakuipata," mwalimu mkuu akasema.

Pointi moja, au pointi saba?

Hapa ndipo aliponishika, kwa sababu aliifanya hesabu yote mbele yetu, polepole, somo kwa somo, kwenye sherehe, kitu ambacho sijapata kukiona.

Mara ya kwanza kijana alikuwa na Kiswahili B, ambayo ni pointi 9. Jiografia B, 9. Kiingereza C+, 7. Biolojia C, 6. Fizikia C-, 5. Kemia C-, 5. Hisabati D+, 4. Jumla 45. Somo la nane lilikuwa la chini zaidi na halikuhesabiwa.

Aliporudia, Kiswahili kilipanda pointi moja, biolojia moja, hisabati moja. Ndiyo hizo tatu zilizomfikisha 48. Fizikia na kemia zilibaki pale pale.

Sasa, kozi za uinjinia chuo kikuu haziangalii gredi ya jumla peke yake. Zina masharti ya somo moja moja, na kwa kawaida zinataka C+ kwenye hisabati, fizikia na kemia, kila moja. C+ ni pointi 7. Hesabu ya kijana yule, basi, haikuwa kukosa pointi moja. Hisabati ilipungua tatu, fizikia mbili, kemia mbili. Alikosa pointi saba, na zote saba zilitakiwa zitoke kwenye masomo matatu yaliyomshinda tangu kidato cha pili.

Kiswahili kingepanda hadi A kisingemsaidia kitu kwa kozi ile.

Alirudia mwaka mzima, kwa bidii ya kweli, akafaulu jambo ambalo silo alilolihitaji. Na hakuna aliyemwambia, kwa sababu sote tunatazama ile herufi ya jumla. Herufi ya jumla ndiyo tunayoulizana harusini. "Mtoto kapata ngapi?" Hakuna anayeuliza fizikia kapata ngapi.

Mwalimu mkuu akamaliza habari ile kwa ufupi. Kijana hatimaye alichukua diploma ya ufundi wa mitambo. Diploma huanzia C-, maana yake ni kwamba gredi yake ya kwanza kabisa, ile ya pointi 45, ilikuwa imeshamfungulia mlango huo kabla ya kurudia. Mwaka ule, na cherehani ile, vilikwenda kununua kitu alichokuwa nacho mkononi.

Kimya kilikuwa kikubwa mpaka ukasikia jenereta.

Manung'uniko ya kwenye sahani

Chakula kilipoletwa, watu walikuwa wamekasirika. Mzee mmoja aliyekaa na sisi, nadhani babu wa mmoja wa wahitimu, alisema wazi: "Watoto wanaenda kwenye mtihani, yeye anawavunja moyo. Angengoja." Dada yangu akamuunga mkono. Alisema siku ya furaha ina maneno yake, na maneno ya hesabu yana siku yake.

Nilikubaliana nao pale pale. Nilipofika nyumbani nikaanza kuona shaka, na shaka hiyo imenisumbua kwa wiki kadhaa, mara huku mara kule.

Upande mmoja ni huu. Mtoto wa Likoni au wa mtaa wa Bangladeshi kule Mikindani ameshaambiwa maisha yake yote kwamba haiwezekani. Ameambiwa na nauli, na karo, na giza la nyumba ambayo tokeni za umeme zimekwisha. Siku moja tu anavalishwa shada, anaitwa jina kwa maikrofoni, na siku hiyohiyo mtu mwenye heshima anamwambia aangalie ukuta. Mtoto wa mwenye nacho hahitaji hesabu hii, maana akikosea babake ana mlango mwingine. Ukimtazama hivi, mwalimu mkuu alikuwa anawapunguzia wanyonge ndoto.

Upande wa pili ni kwamba mwenye nacho anaweza kupoteza mwaka na asitikisike. Ni yule wa cherehani ambaye hawezi. Kumwambia "vumilia tu" mtu ambaye mwaka mmoja wa kuvumilia unamgharimu chombo cha kazi cha mamake, kisha usimwambie anavumilia kitu gani, nako si huruma.

Kilichonivuta upande huu wa pili hakikuwa ile habari ya pointi. Kilikuwa sehemu ya mwisho ya hotuba, ile ya ubaharia, kwa sababu hiyo naijua kwa macho yangu.

Meli haiangalii cheti peke yake

Mombasa kila kijana wa pili ana binamu anayesemekana yuko melini. Hadithi za dola zinasafiri haraka kuliko meli zenyewe. Na njia inaonekana fupi: unafanya kozi za msingi za usalama, yaani kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza na mwenendo wa kazi melini, pamoja na mambo ya ulinzi. Ni kozi za siku chache chache, si za miaka. Unapata vyeti, unakata kitabu cha baharia, unapimwa afya. Una bahasha nzuri ya karatasi.

Kisha unangoja.

Mwalimu mkuu alilieleza hili kwa usahihi ulionishangaza, halafu akasema kakake ni fundi wa melini, nikaelewa. Vyeti vya mabaharia vinaongozwa na mkataba wa kimataifa, STCW, wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila 2010. Mkataba huo unataka mtu awe na muda wa baharini. Hata baharia wa kawaida wa kushika zamu ya kuongoza meli anatakiwa awe amekaa baharini miezi isiyopungua sita, au miwili ikiwa amepata mafunzo maalumu. Anayetaka kuwa ofisa wa zamu kwenye meli kubwa anahitaji miezi 12 melini ndani ya mpango wa mafunzo uliokubaliwa, akijaza kitabu cha mafunzo kazi baada ya kazi na kutiwa saini na maofisa wa meli. Asipokuwa kwenye mpango wa namna hiyo, ni miezi 36.

Muda huo hauuzwi darasani. Lazima meli ikuchukue.

Na meli za masafa marefu zenye bendera ya Kenya ni chache mno. Zile kubwa unazoziona zikiingia Kilindini ukiwa kwenye feri ya Likoni zina bendera za mbali na wenyewe wa mbali, na kampuni zao zina makadeti wao kutoka vyuo wanavyovijua. Kijana wetu anaweza kufaulu kila mtihani wa chuo na bado akakwama hapo, akiwa na cheti kinachohitaji muda wa baharini ili kikamilike, na muda wa baharini unaotolewa kwa wenye vyeti.

Nawaona hawa. Wanakuja karibu na geti la bandari na bahasha zao za plastiki, wamevaa mashati ya kunyooshwa. Mmoja alikuwa anakuja kuniuliza kila Jumatatu kama kuna meli iliyopungukiwa watu, kana kwamba karani wa mizigo anaajiri mabaharia. Siku moja alinifungulia bahasha yake nimsaidie kupiga picha za vyeti. Nikasoma tarehe. Cheti cha afya kilikuwa kimeshakufa. Hicho huishi miaka miwili kwa kikomo, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni mwaka mmoja. Vya kujiokoa na kuzima moto vilikuwa vimebakisha miezi kufika miaka mitano, ambapo baharia hutakiwa aonyeshe upya kwamba bado anayaweza. Kijana hajapanda meli hata moja, na karatasi zimezeeka.

Mtu huyo huwezi kumwambia hakuvumilia. Amevumilia mpaka uvumilivu umemtoza ada mara ya pili.

Mlango wa wakala

Palipo na foleni ndefu ya watu wenye hamu, hutokea mwenye kuuza nafasi ya mbele. Mwalimu mkuu aliligusa hili kwa sentensi mbili tu, na mimi ningependa angelikalia zaidi, kwa hiyo acha nilikalie mimi.

Kuna watu watampigia kijana simu na kumwambia meli ipo, iko Mombasa au iko Dubai, kilichobaki ni laki fulani ya "kushughulikia". Wengine wana ofisi, wana kalenda ukutani yenye picha ya meli, wana fomu. Kijana ambaye ameshangoja mwaka mmoja na nusu ndiye mteja wao hasa. Kadiri alivyovumilia ndivyo anavyokuwa tayari kulipa, kwa sababu ameshatoa vingi mno kuondoka mikono mitupu.

Jambo la kujua ni hili. Uko mkataba mwingine wa kimataifa, wa kazi za mabaharia, wa 2006, na Kenya imeuridhia. Mkataba huo unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Baharia anaweza kugharimia cheti chake cha afya, kitabu chake cha baharia na pasipoti yake. Basi. Ada ya kutafutiwa kazi si yake, na viza pia si yake, ni ya mwenye meli. Mawakala wa mabaharia wanatakiwa wawe na leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na kijana anaweza kwenda kwenye mamlaka hiyo akauliza jina la wakala kabla ya kutoa hata shilingi.

Akiombwa pesa ili apate kazi melini, tayari ameshajua anazungumza na nani.

Hili ningelitaka liandikwe kwenye ubao wa kila shule ya sekondari kuanzia Likoni hadi Kisauni, chini ya ratiba ya mtihani.

Ishirini na moja

Wiki moja baada ya mahafali mpwa wangu alikuja kwangu na rafiki yake. "Mjomba," akaniambia, "yale ya macho yanapimwa wapi?"

Niliwapeleka kliniki ya macho ninayoijua mjini. Kipimo chenyewe hakina mashine. Ni kitabu cha kurasa za vidoti vya rangi, kilichobuniwa na daktari Mjapani, Ishihara, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kila ukurasa una duara la vidoti, na ndani ya duara kuna tarakimu iliyochorwa kwa vidoti vya rangi nyingine. Unaisoma kwa sekunde chache, ukurasa unafunguliwa.

Mpwa wangu alizisoma zote bila kusita. Akakaa rafiki yake. Ukurasa wa kwanza akausoma vizuri, halafu ukafika ukurasa ambao mimi kwenye kiti cha nyuma niliona wazi 74.

"Ishirini na moja," akasema.

Mpimaji hakusema kitu, akafungua ukurasa mwingine. Kijana akasema hapa hakuna kitu. Mimi niliona namba. Mpwa wangu akanitazama, nikamwashiria anyamaze.

Ukurasa ule umetengenezwa makusudi: macho ya kawaida yanasoma 74, na macho yanayochanganya nyekundu na kijani yanasoma 21. Si kwamba kijana haoni. Anaona sawasawa, amecheza mpira miaka yote, na kwenye taa za barabarani anajua nyekundu ni ya juu. Baharini usiku hakuna ya juu wala ya chini. Meli inayokujia ina taa nyekundu upande wake wa kushoto na kijani upande wa kulia, na kwa rangi hizo ofisa wa zamu anajua ile meli inaelekea wapi na nani ampishe mwenzake. Ndiyo maana kwa kazi za sitaha sharti la rangi ni kali. Kwa chumba cha injini kiwango ni cha chini kidogo, na hupimwa kwa njia nyingine, kwa hiyo mpimaji alimwambia asijikatie tamaa upande huo kabla hajapimwa tena na daktari anayeruhusiwa kupima mabaharia. Jikoni na huduma za abiria hakuna sharti la rangi.

Tukatoka. Kijana alinyamaza mpaka Makadara, halafu akacheka, akamwambia mpwa wangu: "Kumbe ndiyo maana ulinicheka ile fulana." Wakaanza kubishana kuhusu fulana.

Mimi nilibaki nafikiria kwamba kipimo kimechukua dakika zisizozidi kumi, na bei yake haikufika hata ya kiatu cha shule.

Ninachobishana nacho

Basi sasa nimekuwa mtetezi wa ile hotuba? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Lakini nina ugomvi nayo mmoja, na si ule wa dada yangu.

Ilichelewa.

Mwanafunzi wa mfumo wetu wa 8-4-4 huacha baadhi ya masomo mwishoni mwa kidato cha pili. Pale ndipo fizikia inapowekwa kando kwa sababu mwalimu wake ni mkali au kwa sababu rafiki zake wanakwenda darasa la historia. Kwa miaka miwili inayofuata kijana anaendelea kusema atakuwa injinia, au rubani, au nahodha, na hakuna anayemkatiza, maana kumkatiza mtoto ndoto ni ukatili. Mwalimu mkuu alijua masharti ya somo moja moja tangu siku ile. Alikuwa na gredi zao za fizikia kila muhula. Mikono iliyopanda pale mahafalini ilikuwa na watu ambao mlango wao wa shahada ya uinjinia ulifungwa miaka miwili nyuma, na walikuwa bado hawajaambiwa.

Nilimwambia. Nilikutana naye baadaye nilipopeleka mpwa wangu kuchukua kadi ya mtihani, nikamshukuru kwanza, kisha nikalisema. Nilitarajia ajitetee.

"Mzazi," akanijibu, "kidato cha pili nikiita mkutano wanakuja wazazi kumi na mbili. Mahafali wanakuja wote, mpaka na babu. Mimi nimesema pale kwa sababu pale ndipo mlipo."

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe mikutano ile naijua kwa kusikia tu.

Aliendelea kwamba hata hivyo mambo yanageuka. Kidato cha kwanza cha mwisho cha 8-4-4 kiliingia 2024, na KCSE yake ya mwisho ni 2027. Wanaokuja nyuma wanachagua mkondo wakiwa gredi ya tisa, kabla hata hawajaingia sekondari ya juu: sayansi na ufundi, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Maana yake uamuzi ambao kwenye 8-4-4 ulifanywa na kijana wa miaka 16 sasa unafanywa na mtoto wa 14 au 15. "Ile hotuba," akasema, "itabidi niipeleke kwa watoto ambao bado wanaulizwa wamekunywa uji."

Nikamuuliza kama ataibadilisha. Akasema ataanza na kitabu cha vidoti, kwa sababu watoto wanapenda michezo ya macho, na hesabu za pointi atawapa wazazi.

Tulipo sasa

Mtihani unaendelea ninapoandika. Karatasi ya kwanza ya fizikia imeshapita, na mpwa wangu anasema ilikuwa "ya kawaida", neno ambalo limemkosesha dada yangu usingizi. Matokeo ni Januari. Maombi ya vyuo kupitia KUCCPS hufuata miezi kadhaa baadaye, na masomo kuanza ni mbali zaidi, karibu Septemba. Hiyo miezi ya katikati ndiyo mawakala wanayoipenda.

Tumekubaliana mambo mawili nyumbani. La kwanza, matokeo yakitoka tutatazama hisabati, fizikia na kemia kabla ya kutazama herufi ya jumla, hata simu zikilia vipi. La pili, yeye mwenyewe ataenda kwenye kila chuo anachokiwazia na kuuliza swali moja: kati ya waliomaliza hapa mwaka juzi, wangapi walishapanda meli, na nani aliwapandisha? Nimemwambia akijibiwa kwa kuonyeshwa picha za majengo, aage kwa adabu aondoke.

Rafiki yake ameniomba nimtafutie siku ya kipimo cha pili, kile cha upande wa injini. Dada yangu bado anasema ile hotuba haikuwa na adabu ya sherehe. Juzi, hata hivyo, nimemkuta akimweleza jirani, kwa sauti, tofauti ya pointi moja na pointi saba.